Kamba ya Pangaboi

Asubuhi fundi alikuta pangaboi ya kushoto ya ndege ikizungushwa taratibu na upepo, injini baridi kama maji ya mtungi. Hilo halikumshangaza. Katika injini hii pangaboi na tabini yake, gurudumu linaloiendesha, havikushikana na kompresa inayoshindilia hewa. Gesi ya moto tu ndiyo huviunganisha; injini ikizimwa, hata mtoto angeizungusha kwa mkono. Kilichomshtua ni kamba ya kuizuia pangaboi isizunguke: haikuwapo. Jana aliifunga mwenyewe.

Kisha akasikia: kila mzunguko, tik moja.

"Fundi, tuachie ndege," rubani alisema. "Leo viwanja saba, vyote vifupi. Jeti haitui huko."

"Ndiyo maana siiachii. Kuruka mara saba, na kila mara giaboksi inabeba nguvu yote."

Alichomoa kizibo cha sumaku chini ya giaboksi, sanduku la gia linalopunguza mbio za tabini ili pangaboi izunguke polepole. Kizibo kilikuwa kimeota manyoya ya chuma; gia zilikuwa zinasagika.

Rubani alikitazama. "Nani kakwambia?"

Fundi aligeuka. Kamba ilikuwa juu ya toroli, imekunjwa mara tatu, fundo katikati, kama marehemu kaka yake, aliyekuwa fundi wa ndege hii, alivyoikunja kila asubuhi, kabla ya kusikiliza gia.