Mstari wa Nne

Nchi ya Ulingani ilitandazwa juu ya uwanda mweupe wa chokaa, na mji wake mkuu, Sawazo, ulijengwa kwa nyumba zilizolingana kimo, madirisha yaliyolingana upana na watu waliofundishwa tangu utotoni kulingana hatua. Mkuu wake, Bambaza, mtu wa shingo nene na vidole laini, aliamini kwamba nchi haitayumba maadamu raia wanakanyaga kwa pamoja. Kwa hiyo kila tangazo, kila hukumu na kila rambirambi ya serikali ilisemwa kwa mstari mmoja tu uliokubaliwa na sheria, mstari wa hatua tano. Kila hatua ilikuwa na silabi mbili, nyepesi kisha nzito. Na kwa kuwa maneno ya nchi ile huegemea silabi ya pili kutoka mwisho, mstari ulibakiwa na silabi moja nyepesi mkiani, ambayo sheria iliivumilia. Uwanjani, raia waliinua visigino kwenye silabi nyepesi, wakavishusha kwenye nzito. Visigino elfu kumi vilishuka mara tano, vikainuka, vikashuka tena, na vumbi la chokaa likawapanda hadi magotini, na hakuna aliyekumbuka ni lini mara ya mwisho alisikia neno lenyewe lililokuwa likisemwa.

Mwaka ule mvua zilikata mapema. Mazao machache yaliyopatikana yalichukuliwa yakapelekwa kwenye ghala jipya la Mkuu, na akaagizwa mshairi mmoja, Sikudhani, atunge mistari ishirini ya kulizindua. Sikudhani alikuwa mwanamke mkimya, mwenye sauti iliyomzidi mwili. Siku tisa kabla ya agizo hilo alikuwa amemzika dada yake, Mwanabule, aliyeanguka na gunia mabegani kwenye ngazi za ghala lilelile. Walipomvua nguo ili wamwoshe, walikuta amejifunga kitambaa tumboni, fundo juu ya fundo, ili tumbo lisimsumbue kazini.

Alitunga. Alipomaliza alipeleka karatasi kwa Mzee Kitete, Mpimaji wa Mistari, ambaye zamani alikuwa mwalimu wake. Kitete alisoma huku akigonga meza kwa kidole.

*Mkuu wetu ndiye nguzo yetu.*
*Maghala yake yamejaa tele.*
*Amani yake inatanda kote.*

M-*ku*-u *we*-tu *ndi*-ye *ngu*-zo *ye*-tu; kidole kilishuka mara tano bila kusita. Kisha akafika mstari wa nne:

*Njaa hulala kwenye nyumba zetu.*

Kidole kikabaki hewani.

“Hapa umejikwaa,” alisema. “Hatua ya kwanza imepinduka. *Nja* ni nzito, nayo imekaa mahali pa nyepesi.”

“Najua, Mwalimu.”

“Sina ugomvi na maana. Njaa inalala, yaani imekwisha, imetulia; Mkuu atapenda. Lakini dawa yake ni rahisi.” Akachukua kalamu, akabadilishana maneno mawili ya mwanzo. “*Hulala njaa kwenye nyumba zetu.* Hu-*la*-la *nja*-a *kwe*-nye *nyu*-mba *ze*-tu. Umeona? Maneno ni yaleyale, hata silabi haikupungua. Hutapoteza kitu.”

“Nitapoteza kila kitu.”

Kitete aliinua macho.

“Ulivyoandika wewe, *nja* inaangukia kisigino,” Sikudhani alisema. “Sikio lilikuwa linaisubiri nzito, likapewa nzito, likapita. Na watu elfu kumi wanakanyaga papo hapo. Nani atasikia? Nilivyoandika mimi, neno linatoka wakati miguu yote iko juu.”

Mzee akausoma upya ule mstari wa awali, taratibu, akahisi zile silabi mbili nyepesi, *a-hu*, zikipita kama mtu aliyekosa ngazi gizani, kisha *la* ikampokea na hatua zikarudi mahali pake.

“Na kwa nini ni mmoja tu kati ya ishirini?” aliuliza, sauti imeshuka. “Kama unataka kupinga, si ungevunja yote?”

“Nikivunja yote sitakuwa nimevunja lolote. Itakuwa kelele tu. Lazima niwazoeze mara tatu bila kosa, ndipo mara ya nne iwashtue.”

“Binti yangu, waliopindua hatua wako machimboni. Wengine hawajarudi.”

“Dada yangu naye hajarudi.”

Kitete aligonga mhuri kwenye karatasi yenye masahihisho yake, akamrudishia. “Mimi nimepitisha hii,” alisema, akitazama dirishani. “Utakachosema kwa mdomo wako hakimo mezani kwangu.”

Siku ya uzinduzi, adhuhuri, jua likiwa limesimama wima, raia walipangwa safu kwa safu mbele ya ghala. Mlangoni palikuwa na ukuta wa magunia yaliyotuna, yamepandishwa moja juu ya jingine hadi kwenye paa, na mbele yake Mkuu Bambaza amekaa kwenye kiti kipana. Sikudhani akapanda jukwaani. Alianza kwa sauti isiyo na haraka, na visigino vikamfuata kwa utiifu: mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ardhi ilitetemeka. Visigino vikainuka kuusubiri wa nne.

“*Njaa*—”

Neno lilianguka kwenye ukimya. Hakukuwa na kishindo cha kulifunika, miguu elfu kumi ilikuwa ingali juu. Baadhi waliyumba, wengine wakashusha mguu kabla ya wakati, na wote, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, walisikia.

“—*hulala kwenye nyumba zetu.*”

Hatua nne zilizobaki zilikuwa sawasawa, lakini waliozikanyaga walikuwa wachache. Watu walikuwa wakitazamana. Hakuna aliyedhani kwamba hulala maana yake imekwisha. Kila mmoja alijua inalala wapi, upande gani wa kitanda chake.

Mwanamke mmoja wa safu ya mbele, mdomo umepasuka kwa ukavu, akapaza sauti: “Hebu rudia, dada. Sijakosea kusikia?”

“Hukukosea,” alisema Sikudhani, akarudia.

Safari hii walikuwa tayari. Visigino vyote vilishuka kwenye *nja*, kwa pamoja, kama walivyofundishwa. Wakataka tena. Akawapa tena. Mara ya tatu ukuta wa magunia ukayumba, gunia la juu likateleza, likapasuka miguuni pa Mkuu, na ndani yake yakamwagika makapi. Likafuata la pili, nalo makapi. Upepo uliyachukua ukayapandisha juu ya kiti kipana.

Sikudhani alikamatwa palepale. Jioni ile, kabla jua halijazama, Bambaza alimwita mbele yake, makapi yangali nyweleni.

“Utaandika upya ule mstari,” alisema.

“Andika wewe, Mheshimiwa. Maneno ni matano tu.”

“Nitaliondoa hilo neno kwenye lugha.”

“Basi watu watasubiri kwenye silabi ya kwanza kuona umeondoa nini.”

“Nitaufuta mstari wa hatua tano! Kila mtu aseme anavyotaka!”

“Ufute,” alisema Sikudhani. “Pasipo mstari wako, mimi sina cha kuvunja. Utakuwa umenishinda. Lakini utawapangaje safu?”

Mkuu akamgeukia Kitete, aliyesimama pembeni na mhuri wake, amwambie kama kuna njia ya tatu.

“Upimaji ni kazi yangu, Mkuu,” alijibu mzee, “na huyu bibi amepima sawa.”

Sikudhani akapelekwa machimboni. Asubuhi iliyofuata Bambaza aliamuru raia wakusanyike, awahutubie yeye mwenyewe. Walikuja bila kuchelewa, wakajipanga vizuri kuliko siku zote, nyuso zimetulia. Aliitunga hotuba yake kwa uangalifu, kila hatua nyepesi kisha nzito, wala hakuna neno lililokuwa nje ya mahali pake. Akasimama, akavuta pumzi, na kabla hajatamka silabi ya kwanza, visigino vyote vya Sawazo vikainuka, vikakaa hewani, vikisubiri.