Mlonge wa Burito

Mwaka wa Operesheni Vijiji tulihamishwa kwa lori, nikaliacha kaburi la mume wangu Burito kwenye mahame. Nilichobeba ni tawi la mlonge uliosimama kando ya kaburi lile, nene kama mkono wangu. Nikalichomeka mbele ya nyumba mpya hapa Suguti, likashika.

Mlonge hauna subira. Masika ya pili ulishapita paa, mwembamba, majani yote kileleni. Jioni nilikaa kizingitini nikiutazama unavyoyumba kwa upepo wa ziwani, nikamwona Burito huko juu, ananitazama. Waseme watakavyo, mimi nilifurahi.

Taabu ilimpata mkwe wangu Getruda. Ananyonyesha, maziwa haba, na kiangazi kile mboga yetu ilikuwa majani hayo tu. Siku moja alivuta tawi kwa ngoeko, likavunjika ghafla, likachana gome na kumwangukia begani. Nusura limpige mtoto aliyekuwa mgongoni mwake.

Silasi, bwana shamba, akaja kuona. "Kata, mama. Hapa, usawa wa kiuno. Ukiachaga urefuke hivi, watakula ndege."

"Kata wa kwako!" nikamjibu. Getruda alimbembeleza mtoto tu.

Mchana ule usingizi ulinipitia mkekani. Nikamwona Burito anapanda mlonge, na mti unarefuka chini ya miguu yake, taratibu, kama moshi.

"Burito, shuka ule!"

"Nitashukaje, Nyangi?" Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Umeniacha nirefuke mno."

Nikaamka nimelowa machozi. Mawingu ya vuli yalikuwa yameanza kujikusanya. Nikaazima msumeno kwa jirani, nikamwita Silasi, naye akanionyesha pa kukata: juu kidogo ya kifundo, mshazari, maji ya mvua yasituame. Mti wenyewe ulikuwa laini, mweupe ndani. Ulipoanguka nilipiga yowe kama mfiwa, majirani wakaja mbio. Walipojua ni mlonge walicheka, kisha kila mmoja akaomba kipande cha kupanda. Sikuwanyima.

Siku za mwanzo kisiki kilikaa kimya, nami nikamnunia Silasi. Wiki ya pili machipukizi yakatoka chini ya jeraha, mengi, kila moja likielekea upande wake. Yalipofika urefu wa mkono Silasi akaniambia niyakate ncha, yagawanyike. Nilikata huku nikinung'unika, yakagawanyika.

Asubuhi moja nilimkuta Getruda akichuma bila kuinua mikono, mtoto mgongoni, kapu linajaa. Mtoto alinyoosha kidole akashika jani. Nami nikalichuma lingine, nikalitafuna bichi, chungu kidogo. Tangu tumzike, sikuwahi kumgusa Burito karibu hivyo. Nililia palepale, Getruda akaniachia nafasi kwenye tawi lake.