Gramu Arobaini za Suhair

Kila baada ya miezi mitatu, Wagdi na mkewe Suhair hujumlisha akiba na dhahabu yao, kisha hutoa deni la nyumba. Safari hii waliahidiana kwamba wakiwa wamepiga hatua, wataenda baharini Aleksandria, ambako hawajarudi tangu fungate.

Wagdi alitazama jumla, uso ukamshuka. "Tumerudi nyuma paundi elfu tatu, mama Hani. Bahari tutaiota tu."

Suhair alimsogezea chai kwanza, tamu anavyoipenda. "Bangili zangu zina gramu ngapi?"

"Arobaini, kama zamani."

"Basi ni bei ya dhahabu iliyoshuka, imetula elfu ishirini. Ilipopanda ulicheza mpaka jirani akagonga ukuta, na hatukuwa tumeweka hata paundi moja! Angalia tulichofanya wenyewe: akiba imeongezeka elfu tano, deni limepungua elfu kumi na mbili."

Wagdi alihesabu kwa vidole. "Elfu kumi na saba! Kwa jasho letu!"

"Umeamka, baba Hani?"

Akamnyanyua na aproni yake, wakazunguka jikoni wakicheka kama watoto. Jirani akagonga ukuta. Suhair naye akagonga, akapaza sauti, "Tukuletee nini kutoka baharini?"