Mtungi wa Lita Mbili

Picha iliingia kwenye simu ya Mwalimu saa nane mchana. Alikuwa amekaa ofisini mbele ya kikombe cha chai ambacho hakukumbuka nani alimletea. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu amzike mdogo wake, aliyekuwa akiishi naye nyumba moja, na tangu hapo vitu vilikuwa vinatokea tu mbele yake: chai, madaftari, watu wa kumpa pole. Wakisema pole, alijibu nimeshapoa, na kweli alikuwa amepoa. Hakusikia baridi wala joto.

Picha ilikuwa ya swali la tisa la mtihani wa kemia, mtihani alioutunga na kuusahihisha mwenyewe. Aliyeituma alijitambulisha kuwa ni mjomba wa yule binti anayekaa karibu na dirisha, fundi friji, ndiye anayemlea. Alianza kwa kumpa pole ya msiba na kumwomba radhi kwa usumbufu. Hakuja kugombana, aliandika. Mpwa wake amepata hamsini na saba, na wanaoingia mkondo wa sayansi ni wa kuanzia sitini. Swali hilo lina alama sita, yeye kaandika 0.1, 0.1 na 0.8, kapewa moja. Binti hataki kuuliza, anasema Mwalimu ana yake ya kutosha. Je, Mwalimu angeweza kulitazama tena?

Mwalimu alivuta karatasi. Swali lilisema moli moja ya gesi ya haidrojeni na moli moja ya mvuke wa iodini zimefungiwa kwenye chombo, zinaungana kutoa moli mbili za haidrojeni iodidi kwa kila moli moja moja, na konstanti ya msawazo ni 64. Tafuta ukolezi wa kila gesi mambo yakishatulia.

Mkono wake ulichora jedwali wenyewe. Mistari mitatu: Mwanzo, Badiliko, Usawa. Wanafunzi waliziunganisha herufi za kwanza wakaliita jedwali la mbu, na yeye wakamwita Mama Mbu, naye alijifanya hajui. Mwanzo: moja, moja, sifuri. Badiliko: toa x, toa x, ongeza 2x. Usawa: moja toa x, moja toa x, 2x. Mraba wa 2x ugawanywe kwa mraba wa moja toa x, jibu 64. Kipeuo cha pili pande zote, 2x gawanya kwa moja toa x ni nane, kwa hiyo x ni 0.8. Haidrojeni 0.2, iodini 0.2, haidrojeni iodidi 1.6.

Akahakiki kama anavyowafundisha, kwa kurudisha majibu kwenye konstanti. Mraba wa 1.6 ni 2.56. Gawanya kwa 0.2 mara 0.2, yaani 0.04. Sitini na nne kamili. Majibu yalikuwa yaleyale ya mwongozo wake wa kusahihishia.

Alimpigia fundi, akamweleza kwa upole kwamba ameyapiga mahesabu upya na hakuna kosa. Mpwa wake kapata 0.1, 0.1 na 0.8, nusu ya majibu sahihi kila mahali.

Upande wa pili kulikuwa na kelele za nyundo, kisha zikanyamaza.

"Mwalimu, mimi kemia siijui," fundi alisema. "Najua gesi tu, na hiyo ni ya mitungi. Gesi ileile ukiihamishia kwenye mtungi mkubwa mara mbili, geji ya presha inashuka nusu. Sasa nauliza tu. Mtungi wenyewe una ukubwa gani?"

Mwalimu aliitazama picha tena. Chini, mahali swali lilipokuwa linaishia, palikuwa na dole gumba la fundi, lenye ukucha mweusi kwa grisi. Akamwambia asubiri. Aliinuka, akafungua kabati, akatoa nakala ya mtihani. Mstari wa mwisho, kwa maneno yake mwenyewe: chombo kina ujazo wa lita 2.

Moli moja ndani ya lita mbili ni ukolezi wa 0.5, si moja. Mwanzo ni 0.5 na 0.5, x inakuwa 0.4, inabaki 0.1 na 0.1, na haidrojeni iodidi 0.8. Mraba wa 0.8 ni 0.64, ugawanye kwa 0.01, sitini na nne. Ilihakikika vilevile. Akalitoa daftari la binti. Juu ya jedwali binti alikuwa ameandika moja gawanya kwa mbili, na juu ya mwandiko huo ulipita mstari wa kalamu nyekundu, umenyooka, wa mtu asiye na shaka.

"Mpwa wako yuko sahihi," alimwambia fundi. "Mimi ndiye niliyekosea."

Alijua angepaswa kuona aibu. Aliingoja kidogo, haikuja.

Alimfuata mkuu wa idara. Mkuu, mtu mzima asiyependa makaratasi kurudi nyuma, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza ilikuwaje mtu kama yeye akasahau lita.

"Mwongozo niliuandika siku ya pili baada ya kumzika mdogo wangu," Mwalimu alisema. "Sikumbuki kuuandika."

Mkuu akashauri kwamba binti aongezewe alama zake kimyakimya, yaishe, funika kombe mwanaharamu apite. Mwalimu akamwambia walioandika 0.1 wako kumi na moja, na walioandika 0.2 wako kumi na tisa, nao walipewa alama zote bila kustahili. Daftari moja likirudiwa, yote yanarudiwa. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayesoma ratiba ya vipindi.

Akayarudia jioni hiyo, thelathini na manane, hata yale ambayo hayakuwa na jibu lolote. Walioandika 0.2 aliwaachia alama nne za jedwali na njia, akatoa mbili. Binti akapanda mpaka sitini na mbili. Mvulana mmoja wa dawati la mbele, aliyekuwa na sitini na moja, akashuka hadi hamsini na tisa.

Asubuhi aliandika majedwali mawili ubaoni, bega kwa bega, akawaambia darasa kosa ni lake. Binti wa dirishani, ambaye si msemaji, alinyoosha mkono akauliza mbona jibu la makosa nalo linahakikika.

Mwalimu aligeuka ubaoni. Akawaonyesha kwamba kushoto kuna moli mbili za gesi na kulia mbili, kwa hiyo lita zinajikata juu na chini, na konstanti haiwezi kukwambia kama umezisahau. "Uhakiki unapima tu kile ulichokiweka," alisema. "Usichokiweka haukijui. Ingekuwa ni gesi moja inavunjika kuwa mbili, ungeniumbua palepale."

Kengele ilipolia alimwita yule mvulana pembeni, akamwambia mwenyewe kuhusu hamsini na tisa. Mvulana alitazama viatu vyake.

"Sentensi ya lita niliisoma, Mwalimu. Nikadhani ni ya urembo tu."

Mwalimu alimwombea kwa mkuu nafasi ya kurudia mtihani, akaipata kwa shida. Wiki mbili baadaye mtihani ulisimamiwa na mwalimu wa fizikia kwenye chumba cha mwisho, na akausahihisha yeye, ili mkono wa Mama Mbu usiwemo. Saa sita Mwalimu alijikuta amesimama kwenye korido nje ya chumba hicho, madaftari kifuani. Ilimchukua muda kutambua kilichomleta: alikuwa anaogopa kijana asije akafeli.

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu wa fizikia alimwonyesha karatasi. Sitini na sita.

Akakaa kwenye benchi la korido, palepale, na machozi yakaanza kumtoka. Mwalimu wa fizikia akakaa kando yake, akampokea madaftari.