Nusu Mfuko wa Mihayo

Mihayo aliniletea unga wa dawa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa fundo, hauna jina wala lebo. "Mama Eliya, vitunguu vyako vina ugonjwa wa ubwiri vinyoya. Piga hii leo leo."

Nikamshukuru kwa mdomo. Moyoni nilisema: huyu mtu analima kando yangu, sote tunakodi bonde moja hapa Geita, na sehemu yangu iko karibu na maji kuliko yake. Kwa nini anihurumie? Mimi ugonjwa nilikuwa naujua, na si huo aliosema. Mwaka jana baka la zambarau lilinimalizia shamba zima, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilikuwa nimeshaona weusi kwenye majani, nikanunua dawa ya baka na kuipiga mara mbili. Mfuko wa Mihayo niliutupa chooni.

Majani yakazidi kulala. Basi, nikajua ni yeye, amenyunyizia kitu nisipokuwepo. Asubuhi huwa nakaanga chapati za wachimbaji pale Kalangalala, shambani nafika saa tisa, jua kali. Nani angemwona? Nikamwita afisa ugani, Hosiana, aje athibitishe uchawi wake wa kisasa.

Hosiana akakataa kuja mchana. Alitaka alfajiri, umande ukiwepo. Siku hiyo chapati zikanisubiri.

Akainama, akalishika jani. Lilikuwa na doa refu, pana, rangi ya kijani iliyofifia kuelekea njano, na juu yake manyoya ya kijivu yenye uzambarau kwa mbali. Akapitisha kidole, manyoya yakafutika.

"Ukija saa tisa jua limeshayakausha, huyaoni," alisema. "Baka la zambarau halina manyoya haya. Doa lake limebonyea, ni la zambarau iliyoiva na kahawia, lina duara ndani ya duara, na ukingo wa njano. Hapa unaziona duara?"

Sikuziona. "Na huu weusi?"

"Kuvu wengine wamekuja kukalia jeraha. Huu ni ubwiri. Dawa uliyopiga ni ya baka, haiugusi."

Nikageuka kutazama shamba la Mihayo. Matuta ya juu yalikuwa ya kijani safi. Ya chini, karibu nusu ya shamba, yalikuwa yamelala kama yangu.

"Yeye naye alichelewa kupiga?" nikauliza.

"Alipiga mapema. Dawa ndiyo haikutosha. Aliniambia nusu amempa jirani, kwamba mama wa watu yuko peke yake."

Mihayo mwenyewe akatokea mferejini na jembe begani.

"Mwangaluka, Mama Eliya. Ile dawa ilikutosha?"

Hosiana akanitazama, akisubiri nijibu.

"Ilitosha," nikasema.