Safari ya Watu Sita

Nyumbani kwetu mimi naitwa Ofisi. Ndugu zangu wakitaka nauli ya mahali fulani, bei ya chumba au saa ya kuondoka kwa treni, wanaambizana, "Muulize Ofisi." Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye dawati la pili kutoka mlangoni, katika ofisi ya safari iliyo juu ya duka la miwani, nikiwapangia watu wengine kwenda kupumzika. Mwenyewe likizo zangu naiuzia kampuni. Pesa yake inakwenda kwa dawa za mama.

Mama anaishi mbali, kwa mdogo wake. Mwaka huu kichwa chake kilianza kumtupa. Kwanza alisahau sufuria motoni, kisha akasahau njia ya kurudi kutoka dukani. Mwezi wa pili mama mdogo alitupigia simu, kila mmoja kwa zamu yake, akasema maneno yale yale: "Njooni wanangu, njooni angali anawajua." Mimi nilipozungumza na mama siku hiyo alinijua. Aliniuliza kama bado nakula nimesimama. Miaka mitano sikuwa nimemwona, na nikalia chooni kazini, halafu nikanawa uso nikarudi kuhudumia wateja.

Tuko wanne. Kaka mkubwa ana mke, dada ana mume, mimi ni wa tatu na sina mtu, na kitinda mimba ameoa juzi juzi. Kaka aliandika kwenye kundi letu la simu: "Tuondoke tarehe kumi, turudi kumi na tano. Ofisi, tutengenezee jedwali."

Nikalitengeneza siku ile ile, mchana, nikiwa nakula mkate juu ya kibodi. Nasema bila aibu kwamba lilikuwa jedwali zuri. Tarehe, usafiri, malazi, gharama. Tarehe kumi jioni, treni, daraja la pili. Hapo kwenye malazi niliandika "ndani ya treni", maana wasiojua kazi hulipia chumba usiku ambao wako njiani. Chumba cha treni kina vitanda sita, na familia ikikichukua kizima, wanaume na wanawake wanaruhusiwa kulala pamoja. Nikakichukua kizima. Kumi na moja asubuhi, gari la kukodi, abiria sita na dereva, mwendo wa saa nne hadi kwa mama. Kwa mama mdogo hakuna nafasi ya kulaza hata paka, kwa hiyo nyumba ya wageni, vyumba vitatu vya watu wawili wawili, usiku wa kumi na moja, wa kumi na mbili na wa kumi na tatu. Siku nne, lakini malipo ni ya usiku tatu. Kumi na nne gari linawarudisha stesheni, treni ya jioni, kumi na tano asubuhi mko nyumbani.

Treni kwenda na kurudi, laki tano na elfu arobaini. Gari siku nne, laki nne na themanini. Mafuta, laki moja na themanini. Vyumba, laki tatu na sitini. Juu yake nikaweka asilimia kumi ya dharura. Jumla, milioni moja, laki saba na elfu kumi na sita. Gawa kwa sita, kila mtu laki mbili na themanini na sita elfu kamili. Nikatuma.

Nilikuwa napanda ngazi za nyumbani, mfuko wa nyanya mkononi, nilipokumbuka kwamba mimi simo.

Nilicheka kwanza. Unajua mkono uliozoea? Miaka kumi na tisa sijawahi kuandika jedwali ambalo mwandishi wake anasafiri. Nahesabu wateja, naweka idadi juu, kazi inaanza. Nilipowahesabu ndugu zangu wakaja wawili wawili, wakatimia sita, wakaingia kwenye chumba cha vitanda sita, kila kitu kikakaa sawa, nami nikafurahi kama mjinga.

Ilikuwa kazi ya dakika kumi kulirekebisha. Sikulirekebisha. Nilikaa kitandani na simu nikajisemea, ngoja nione nani ataniona sipo. Huo ndio ubaya wangu, siufichi. Mtu mwingine angesema "jamani nimejisahau", wangecheka, yangeisha. Mimi nilitaka niulizwe.

Lakini si mpumbavu kiasi hicho. Asubuhi nilifika kazini mapema nikashika kitanda cha saba, kwenye chumba cha wanawake, mlango wa pili kutoka kwao. Shirika la treni linakushikia nafasi siku tatu bila malipo, na yangu ilikuwa hadi Ijumaa saa kumi. Tarehe zenyewe zilikuwa za likizo ya shule, watu wanagombania vitanda. Nikaandika jina langu, nikasubiri.

Jumatano dada akajibu: "Safi sana, Ofisi." Kitinda mimba akaweka vidole gumba vitatu. Mkewe akauliza kama nyumba ya wageni ina maji ya moto. Nikamjibu yapo. Alhamisi shemeji yangu, mume wa dada, akauliza ni nani atakaa mbele na dereva, maana yeye miguu mirefu. Wakabishana nusu siku. Watu sita walilisoma lile jedwali mstari kwa mstari, wakajua hadi bei ya mafuta, na hakuna aliyeuliza mimi nakaa wapi.

Ijumaa saa nane mchana kaka akaandika kwenye kundi: "Ofisi, umekosea hesabu. Mbona umegawa kwa sita? Tuko saba."

Moyo ulinipasuka kwa furaha. Sijui kulisema vizuri zaidi. Nilisimama pale kazini, mwenzangu wa dawati la kwanza akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Tuko saba! Kaka yangu mkubwa, aliyenifundisha kuendesha baiskeli, alikuwa amenihesabu. Nilitoka hadi kwenye ngazi nikampigia.

"Kaka, asante," nikasema. "Nilikuwa nangoja tu mmoja wenu aone. Kitanda cha treni kipo, nimekishika hadi saa kumi."

"Kitanda gani?"

"Changu."

"Kumbe na wewe unakwenda?"

"Si umesema tuko saba?"

"Kuchangia, mdogo wangu. Mama ni wa wote. Hata asiyekwenda anachangia, au vipi? Sisi tulijua huendi. Jedwali umeliandika mwenyewe, umeweka watu sita, tukasema basi, kazi imembana kama kawaida yake."

"Mlisema na nani?"

"Tulisema... tulijua tu." Nikasikia anafungua jedwali, vidole vyake vikigusa kioo. "Sasa tazama. Gari ni la abiria sita. Vyumba ni vitatu, wawili wawili. Wewe ungelala na nani?"

Ningeweza kumwambia mengi. Badala yake nikamfanyia hesabu, maana ndicho ninachojua. Gari kubwa zaidi, nyongeza ya elfu arobaini kwa siku, siku nne. Chumba cha nne, usiku tatu, laki na ishirini. Treni kwenda na kurudi, elfu tisini. Jumla ya nyongeza, laki tatu na sabini elfu. Nilizitamka polepole kama ninavyomtamkia mteja, nikisubiri aseme haidhuru.

"Unaona?" akasema kaka, kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliniudhi. "Utatuharibia jedwali. Na watu wameshazoea lilivyo. Wewe nenda mwezi ujao, utulie naye peke yako. Si ndiyo vizuri zaidi?"

Saa tisa na dakika hamsini nilikiachia kile kitanda. Kwenye kioo cha kompyuta kilikuwa kijani, nikakibonyeza, kikawa cheupe, na kabla sijanyanyua mkono kikawa chekundu. Mtu mwingine amekichukua. Kisha nikagawa kwa saba, nikatuma jedwali jipya, na laki mbili na arobaini na tano zangu na ushee nikawa wa kwanza kuzilipa. Hasira yangu ndivyo ilivyo, inalipa kwa wakati.

Walikwenda. Kila kitu kilikuwa kama nilivyoandika, treni haikuchelewa, maji ya moto yalikuwepo. Tarehe kumi na mbili dada akanipigia.

"Mama mzima, anakula," akasema. "Ila anachanganya watu. Tangu tumefika anakuulizia wewe tu. 'Wa tatu yuko wapi, wa tatu yuko wapi.' Akaanza kulia. Basi wifi yako, mke wa kaka, akaitika."

"Akaitika nini?"

"Jina lako. Akasema, 'Niko hapa mama.' Mama akatulia. Amemshika mkono tangu asubuhi, hataki amwachie. Tumeona ni bora hivyo, tusimchanganye. Usichukulie vibaya."

"Nipe mama."

"Sasa nikikupa wewe, si ataanza upya?"

Hilo nalo lilikuwa kweli. Ndugu zangu siku zote wanasema kweli.

Waliporudi, ile pesa ya dharura ilikuwa haijaguswa. Kaka akaniomba niigawe kwa waliosafiri, kwa kuwa wao ndio walioibana. Nikaigawa kwa sita, ikatoka bila baki.

Nikamwomba bosi likizo yangu, safari hii sikuiuza. Nikatengeneza jedwali la mtu mmoja, juu kabisa nikaandika idadi: moja. Treni haikuwa na nafasi hadi mwisho wa mwezi, nikachukua basi la siku mbili, na usiku wa katikati nikalala kwenye nyumba ya wageni yenye kitasa kibovu, kiti nimekikaza mlangoni.

Mama mdogo alinipokea getini, akanikumbatia akachelewa kuniachia. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha. Amepungua. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitazama kwa adabu. "Umetumwa na zahanati?"

"Hapana, mama. Ni mimi. Binti yako, wa tatu."

Akacheka kidogo, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mgeni. "Wa tatu alishakuja," akasema. "Alikuja na kaka yake kwa gari. Tazama, alinikata kucha." Akaninyooshea vidole vyote kumi. Kucha zilikuwa zimekatwa vizuri.

Mama mdogo akafungua mdomo. Nikamzuia kwa mkono. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu na magoti ya mama, nikamuuliza huyo binti yake ni mtu wa namna gani.

Akafikiri. Akaniambia ni mtu wa shughuli nyingi sana, anakula amesimama, lakini mwishowe alikuja.