Hoja ya Nne ya Mhakiki wa Pili

Kwa miaka thelathini nilisoma kimo cha mto bandarini Kisangani, saa kumi na mbili kila asubuhi, nikakiandika kwa wino. Mwaka mmoja, daftari moja. Cheti changu ni cha shule ya jioni na sijawahi kukificha. Odile, anayesomea udaktari wa elimu ya maji chuo kikuu, alipokuja nyumbani kwangu Mangobo kuomba madaftari hayo, nilimpa yote kwa sharti moja: jina langu likae juu ya makala pamoja na lake na la profesa wake. Si chini, kwenye shukrani. Juu.

Alikubali, tukafanya kazi miezi minane, makala ikatumwa kwenye jarida. Kisha asubuhi moja akanipigia simu.

"Papa Zuberi, majibu yamefika. Kuja faculté."

Nilipanda toleka, nikamwambia mwenye baiskeli asiongee na mimi njiani.

Ofisini kwao chuo kikuu nilimkuta Odile na profesa wake, Dominique. Kati ya wahakiki wawili waliopewa makala na jarida waipime, wa kwanza alikuwa na mambo mawili madogo. Wa pili alikuwa na hoja tano, na Odile alinisomea ya tatu: "Vipimo vya mwaka 1992 hadi 2018 vilichukuliwa na mtu asiye na mafunzo ya kisayansi. Naomba viondolewe."

"Asiye na mafunzo," nikasema. "Yeye alifundishwa na nani kuamka saa kumi na moja miaka thelathini?"

Profesa akacheka kidogo. "Bon, papa, tusipigane na huyu mutu. Tunatoa vipimo vya zamani, tunakushukuru vizuri pale mwisho. Odile akishapata makala anatetea thèse yake, basi."

"Ukitoa miaka ishirini na saba unabaki na sita ya mashine ya kupimia maji. Hiyo itakuwa makala ya mto au ya mashine?"

"Papa, mimi nataka mutoto amalize."

"Na mimi nataka amalize na kazi aliyoifanya, si na robo yake."

Odile alinigeuzia kompyuta, akanionyesha barua ya kumjibu mhakiki inavyopangwa. Unanakili hoja yake kama alivyoiandika, bila kupunguza neno, hata kama inauma. Chini yake unaweka jibu kwa rangi ya buluu. Chini ya jibu unaweka maneno mapya ya makala, na kusema yako ukurasa gani, mstari gani. Halafu unatuma makala mara mbili, moja safi, na moja ambayo mabadiliko yote yametiwa rangi.

"Na kukataa kunaruhusiwa?" nikauliza.

"Kunaruhusiwa, papa. Lakini kwa heshima, na ushahidi."

"Heshima ninayo. Ushahidi tunao pia. Mashine iliwekwa bandarini 2019, na mimi sikuacha kusoma hadi 2021. Weka namba zangu karibu na za mashine."

Profesa aliinua kichwa. Odile alikuwa ameshaanza. Ilichukua hadi adhuhuri. Katika miaka mitatu tuliyosoma pamoja, mimi na mashine, tulitofautiana kwa wastani wa sentimita moja na nusu. Nilimwomba Odile arudie hesabu. Ikatoka vilevile.

Akaandika: "Tunamshukuru mhakiki kwa hoja hii. Kwa heshima, hatukuondoa vipimo. Tumelinganisha usomaji wa mtazamaji na wa mashine kwa miaka mitatu, na tumeongeza matokeo hayo pamoja na Mchoro wa 3."

"Ondoa 'mtazamaji'," nikasema. "Nina jina."

"Papa, ndivyo wanaandika."

"Sawa. Lakini jina liko juu."

Kisha akasoma hoja ya nne. "Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, maji yanashuka sentimita mbili kamili kila siku. Mto hauendi hivyo. Waandishi waeleze."

"Hii ni nyepesi," alisema profesa. "Andika kwamba Juni maji hushuka polepole. Ni kweli."

Ni kweli kwamba Juni maji hushuka. Mhakiki yule, ambaye hajawahi kuona mto wetu, alikuwa ameona kitu ambacho wakubwa wangu wote hawakukiona.

"Usiandike hivyo," nikasema. "Siku hizo sikusoma."

Odile akageuka. "Papa?"

"Mabomu yalikuwa yanaanguka mjini. Nilikuwa chini ya kitanda na mke wangu na watoto wanne. Tarehe nne nilisoma 412. Nilirudi mtoni tarehe kumi na moja, nikasoma 398. Ofisi ya bandari haikupokea fomu yenye nafasi tupu, basi nikajaza, nikipunguza mbili mbili, mpaka zikafika 398. Sikumwambia mtu. Nilijiambia ni kitu kidogo."

Profesa alivua miwani.

"Papa Zuberi, ukikubali hili unampa huyu mutu kisu. Atasema: kama alijaza siku sita, kwa nini asiwe alijaza zingine? Donc jibu letu la hoja ya tatu linaanguka, na jina lako nalo."

"Kisu anacho tayari. Ninataka kuona kama ataweza kukata zaidi ya siku sita. Andika, Odile. Sema mhakiki yuko sahihi, na zitoke hizo sita. Hizo tu."

Akaandika: "Mhakiki yuko sahihi. Thamani hizi sita hazikusomwa mtoni, zilijazwa baadaye. Tumeziondoa kwenye Jedwali la 2 na kuhesabu wastani upya. Mtazamaji hakuweza kufika mtoni siku hizo kwa sababu za usalama." Maneno ya mwisho yalikuwa ya profesa. Niliyaacha, nikiwa nimechoka.

Sikuchoka kukagua, hata hivyo. Barua ilisema maelezo ya Mchoro wa 3 yako ukurasa wa sita, mstari wa 131. Nikafungua makala safi, nikaweka rula: mstari wa 124.

"Odile, ulihesabu kwenye ile yenye rangi."

Aliangalia, akashika kichwa. Kwenye ile yenye rangi maneno yaliyofutwa bado yanaonekana na kusukuma mistari chini, na barua yetu iliahidi namba za ile safi.

"Ni mistari saba tu, papa."

"Akifungua asikute tulichoahidi, atadhani na mto tulimdanganya. Rudia zote."

Alizirudia zote kumi na tisa, akinung'unika kwamba mimi ni mbaya kuliko mhakiki.

Wiki saba baadaye Odile alikuja Mangobo mwenyewe. Mhariri wa jarida alikuwa ameandika kwamba makala itapokelewa, limebaki jambo moja tu la kurekebisha. Mhakiki wa pili aliandika mistari mitatu tu. Hoja ya tatu: ameridhika, vipimo vibaki. Hoja ya nne: ameridhika, ila "sababu za usalama" haielezi kitu, pengo lielezwe wazi.

"Profesa anasema tuandike 'hali ngumu ya mji'," alisema Odile.

"Fungua kompyuta."

Akaifungua juu ya meza ya kulia. Nilimwambia anakili hoja kwanza, neno kwa neno. Kisha nikamtamkia jibu polepole, na mara hii hakunirekebisha:

"Tumebadilisha. Ukurasa wa 8, mstari wa 187: Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 mto haukusomwa, kwa sababu mji ulikuwa unapigwa mabomu. Tarehe 11 mtazamaji, Zuberi, alirudi kusoma."

Nilichukua rula, nikahesabu mistari kwenye makala safi. Ulikuwa wa 187.